Kumsoma Mwenzi Wako Mtu Mwingine Anapokutongoza Mbele Yake

Mtu akikutongoza mbele ya mwenzi wako, macho yako hukimbilia uso wa mwenzi kabla hujamjibu aliyekusemesha. Unataka kujua ameudhika au hajali, na mara nyingi unatoa hukumu palepale: akikunja uso unasema ana wivu, akinyamaza unasema hakupendi. Nasaha yangu ni kwamba uso wa dakika ile ni shahidi dhaifu. Anayetaka kumsoma mwenzi wake kwa haki atazame mambo matatu: maneno yale yalikuwa na ruhusa gani mahali pale, hasira ya mwenzi ilimwelekea nani, na siku zilizofuata zilikuwaje.

Tuanze na ruhusa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapowaonea wenzi wao. Katika jamii zetu kuna watu wenye haki ya kusema maneno ambayo wengine wakiyasema ni matusi. Shemeji humwita mke wa kaka yake “mke wangu” mbele ya mume mwenyewe, na babu humchumbia mjukuu wake barazani huku bibi akicheka. Mzaramo na Mnyamwezi, au Mchaga na Mpare, wana utani unaowaruhusu kutoleana maneno makali hata msibani, na anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Basi mume anayenyamaza mtani wake anapotangaza kwamba atamchukua mke huyu kesho amefuata desturi, na ukimya wake haukuambii lolote kuhusu mapenzi yake. Hata hivyo, utani una mipaka yake. Husemwa kwa sauti ili wote wasikie, na humlenga mwenzi wako kama unavyokulenga wewe, kwa kuwa yeye ndiye anayetaniwa. Maneno yanayonong’onezwa, yanayosubiri mwenzi ageuke, au yanayoishia kwenye kuombwa namba ya simu, yamekwisha kutoka kwenye utani hata kama msemaji ni shemeji wa damu.

Yakiwa si utani, bado usiukimbilie uso. Mwili wa mtu aliyeshtuka hutoa dalili zilezile kwa sababu nyingi: moyo hupiga mbio, mdomo hukauka, macho hutafuta pa kutua. Hofu, aibu, hasira na uchungu hufanana sana kwa nje. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Paul Ekman, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu uongo, alilipa kosa hili jina la Othello, yule mume katika tamthilia ya Shakespeare aliyeiona hofu ya mkewe Desdemona akaidhania kuwa ni hatia, akamuua. Othello aliiona hofu sawasawa, ila alikosea chanzo chake. Nawe unaweza kukosea hivyohivyo kwa upande wa pili, ukauona ugumu wa uso wa mwenzi wako ukadhani ni ubaridi, kumbe anajizuia asivunje heshima ya shughuli ya watu. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Chukua mfano wa ukumbi wa harusi. Mke na mume wamekaa meza moja na wageni wasiowajua. Bwana mmoja anavuta kiti upande wa mke, analisifu gauni lake, anauliza kama kweli ameolewa, kisha anaomba namba yake. Mume anashika chupa yake ya soda na kuangalia simu. Tukiishia hapo tutasema hajali. Lakini tutazame aliyafanya hayo wakati gani. Kama alinyamaza wakati mke akisema “Mume wangu ndiye huyu hapa,” basi alikuwa amemwachia mwenye kuulizwa ajibu, na hiyo ni heshima. Kama mke alicheka kwa muda mrefu na kuendelea na mazungumzo bila kumtambulisha, huenda mume alikuwa akisubiri kuona mkewe anasimama wapi, na ukimya wake ulikuwa ni swali. Kwa hiyo kabla hujasoma mwenendo wa mwenzi wako, kumbuka wako uliutangulia, na kwamba yeye naye alikuwa akikusoma. Mwenendo wa kupimia ni ule unaofuata jibu lako lililo wazi. Ukishakataa na mtu akang’ang’ania, mwenzi anayekujali atafanya jambo, dogo au kubwa: atasogeza kiti, atajitambulisha, atakuomba mhamie meza nyingine. Asipofanya lolote wakati umemwomba msaada, hapo una sababu ya kuuliza.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba wivu ndio kipimo cha mapenzi, na kwamba asiyewaka hapendi. Hoja hii ina ukweli nusu. Mafundisho ya Kiislamu yanatenganisha ghera ya aina mbili: inayosifiwa, ambayo huamka pale penye sababu ya kutia shaka, na inayolaumiwa, inayoamka bila sababu. Kipimo hapo ni sababu, si ukali. Nami naongeza mwelekeo. Wivu unaolinda humwelekea aliyevuka mpaka, nao huisha pale mpaka huo ukisharudishwa. Wivu unaomiliki humwacha mtongozaji aende zake na kukugeukia wewe: kwa nini ulivaa vile, kwa nini ulimwitikia salamu, ulijuana naye lini. Ndiyo maana mwenzi mpole ukumbini anaweza kuwa mkali njiani, na aliyekunja uso ukumbini akawa ameshasahau mkifika mlangoni.

Ndiyo sababu siku zinazofuata ni ushahidi mzito kuliko dakika ile. Mwenzi aliyeumia atauliza yule alikuwa nani, atasema hakupenda, atasikia jibu, na jambo litapungua. Lakini akianza kudai nywila ya simu yako, akakukataza shughuli za ndugu zako, au kila ugomvi ukarudishwa kwenye harusi ile, tatizo si mtongozaji tena. Akiinua mkono, hakuna tafsiri ya mapenzi inayofaa: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hapo usiendelee kumsoma, tafuta usalama kwa watu unaowaamini na kwa vyombo vya sheria.

Wengine watasema kuuliza ni kuamsha yaliyolala. Naona kinyume chake, mradi uulize kwa adabu. Usiulize mbele za watu wala wakati hasira ingali moto. Kesho yake, mkiwa wawili, mwambie ulichokiona bila kukitafsiri: “Jana yule bwana alipoomba namba ulinyamaza. Ulikuwa unawaza nini?” Anayeuliza hivi humpa mwenzake nafasi ya kueleza, anayesema “Wewe hunijali” humlazimisha kujitetea. Kisha mkubaliane ishara na maneno ya siku nyingine: nani ajibu kwanza, na mwingine aingilie lini. Wala usithubutu kumwacha mtu akutongoze makusudi ili umpime mwenzi wako. Atakayekasirika kwa mtego huo atakuwa amekasirikia mtego, na wewe utaandika hasira hiyo kwenye hesabu ya mapenzi yake. Wenzi waliokwisha kupatana nini kifanyike hawana haja ya kuviziana nyuso harusini, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake atasimama wapi.