Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Darasani methali hii huelezwa haraka: usitupe chako cha zamani kwa kuvutiwa na kipya kisicho chako. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaruka jambo moja. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa, na msala ni mkeka wa kuswalia. Yote miwili husukwa kwa ukindu uleule. Basi ni nini kinachoufanya mmoja uwe wa kukalia tu na mwingine uwe wa kusujudia? Tukilijibu swali hilo tutakuwa tumeanza kuelewa utakatifu ni kitu gani.

Tazama duka lolote la jumla pale Kikuubo, katikati ya Kampala, adhuhuri inapoingia. Mwenye duka anasogeza katoni za sabuni, anafagia, anatia udhu kwa maji ya birika, kisha anatandika mkeka wake akielekea kibla. Dakika chache zilizopita mchukuzi alisimama papo hapo na viatu vyenye tope. Sasa hata mteja mwenye haraka hapiti mbele ya yule mtu. Anasubiri pembeni au anazunguka. Swala ikiisha, mkeka unakunjwa na katoni zinarudi. Sakafu haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mpaka uliowekwa juu yake, na watu wakaukubali.

Mwanasosholojia Mfaransa, Emile Durkheim, aliandika kuhusu jambo hili katika kitabu chake kikubwa juu ya dini, kilichotoka mwaka 1912. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba kitu kitakatifu ni kile kilichotengwa na kuzungushiwa miiko. Kwa hiyo ukitaka kukitambua, usianze kwa kuuliza bei yake wala uzuri wake. Uliza: ni mambo gani hayafanywi hapa ambayo kwingine hufanywa bila wasiwasi? Bendera ya shuleni kwenu ni kitambaa cheusi, cha njano na chekundu, na vitambaa vya rangi hizo vimejaa sokoni Owino. Lakini hakuna mwanafunzi atakayefutia ubao bendera, hata kama dasta imepotea.

Mfano ulio mpana zaidi uko kwenye kilima cha Kasubi, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882. Ilikuwa nyumba ya kuishi: watu walikula, wakalala, wakapokea wageni, na bila shaka wakagombana. Mwaka 1884 Muteesa alifariki akazikwa humohumo, na tangu siku ile nyumba ikawa kaburi la wafalme. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa alifuata mwaka 1939. Muteesa wa Pili alifia London mwaka 1969 naye akaletwa Kasubi mwaka 1971. Wafalme wanne, nyumba moja, ambayo Waganda huiita Muzibu Azaala Mpanga.

Ukiingia unavua viatu na kuketi chini kwenye mikeka. Mbele yako kuna pazia refu la lubugo, yaani nguo ya gome la mti. Nyuma ya pazia ni kibira, msitu mtakatifu, kwa kuwa kwa mila ya Buganda Kabaka hafi, bali huenda msituni. Mgeni haruhusiwi kupita pazia hilo. Miti ya kweli haimo mle ndani. Pazia ndilo linalouleta msitu.

Sasa litazame pazia lenyewe. Lubugo hutoka kwenye mti wa mutuba, ambao hupandwa mashambani kando ya migomba. Msimu wa mvua fundi hukwangua ganda la nje, akachuna gome la ndani likiwa zima, kisha shina lililobaki wazi akalifunga kwa majani ya mgomba ili liote gome jipya. Gome lililochunwa hupashwa moto likalainika, likagongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, saa baada ya saa, mpaka linapanuka na kuwa nguo. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Zamani nguo hiyo ilikuwa ya kila mtu: walivaa, walijifunika usiku, walifungia mizigo. Mfalme alivaa gome hilohilo. Tofauti ilikuwa katika rangi na mtindo wa kulivaa.

Hapo ndipo methali inapoingia vizuri, na kwa namna ya kuchekesha kidogo. Karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilifika Buganda na majora ya nguo za pamba. Pamba ilikuwa laini, ilifulika, na kuivaa kulimpa mtu hadhi. Ndiyo iliyokuwa msala upitao, na waliouleta ni watu wa lugha yenye methali hii. Waganda wengi waliacha kuvaa lubugo. Lakini hawakuliacha kabisa: walibaki nalo kwenye mazishi, kwenye kutawazwa kwa Kabaka, na kwenye pazia la Kasubi. Kwa maoni yangu, kuja kwa pamba kulilitakasa lubugo zaidi. Nguo iliyokuwa ya kila siku ilipopungua katika siku za kawaida, ilionekana wazi zaidi kuwa ya siku zisizo za kawaida.

Mtu anaweza kupinga kwamba kama utakatifu ni mpaka uliowekwa na watu, basi si kitu halisi. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza Muzibu Azaala Mpanga: nyasi, matete, nguzo, mapazia. Kama utakatifu ungekuwa ndani ya vifaa, ungekwisha usiku ule. Badala yake watu walimiminika kilimani wakalia mbele ya majivu. Kisha ikaja kazi ya kujenga upya. Vigae vingemaliza kazi mapema, na nyasi huoza na kuvuja. Hata hivyo paa liliezekwa tena kwa nyasi, kazi ambayo kwa mila ni ya ukoo wa Ngeye, na ndani yake zikafungwa pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. UNESCO, iliyoliweka kaburi hilo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka ule wa moto, iliondoa jina lake kwenye orodha hiyo mwaka 2023.

Lakini tusiifanye methali iseme kwamba hakuna kinachoweza kubadilika. Ukarabati wa mwishoni mwa miaka ya 1930 uliingiza nguzo za zege katika nyumba hiyohiyo, na hakuna aliyedai kwamba wafalme wamehama kwa sababu ya saruji. Miiko nayo haina uzito sawa. Kuvua viatu hakumnyimi mtu kitu. Mwiko wa kuwazuia wanawake wasiingie wakati paa linaezekwa una uzito mwingine, na msichana wa kidato cha pili ana haki ya kumuuliza mwalimu wake kwa nini uko hivyo. Jibu la kwamba ni mtakatifu linamweleza kwamba mpaka upo. Halijamweleza ni nani aliuweka, wala unamlinda nani.

Kwenye maduka ya sanaa za mikono jijini, lubugo hushonwa mikoba na kofia za watalii. Gome ni lile la mutuba. Ukitoka dukani na kofia hiyo kichwani ukapanda bodaboda, hakuna atakayekushangaa.