Nyongeza Isiyofika Ulipokuwa

Kaa hapa mwanangu, tuhesabu taratibu. Mwaka 2020 ulikuwa ukilipwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 wakakupandishia hadi 660,000, ukaja kunipa habari kwa furaha. Wengi wamenijia na furaha hiyo, na kila mmoja nimemwambia nitakalokwambia wewe: kabla hujashukuru, uliza 600,000 ya zamani ingekuwa ngapi kwa bei za mwaka 2024.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwezi fahirisi ya bei za mlaji, na mwaka 2020 ndio waliouita 100. Wastani wa mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Najua utataka kujumlisha upate 14.9. Usijumlishe, baba. Bei za mwaka huu hupanda juu ya bei zilizokwisha kupanda mwaka jana, kwa hiyo unazidisha. Laki sita mara 1.037 ni 622,200. Hiyo mara 1.043 inakaribia 649,000. Zidisha kwa 1.038, kisha kwa 1.031, utafika kama 694,500. Yaani kupanda kwa asilimia 15.7. Mwaka unaofuata utauzidisha hivyohivyo.

Sasa rudi nyuma. Gawa 660,000 yako kwa 1.157, utapata kama 570,000. Mshahara wako mpya unanunua vitu vya 570,000 ya mwaka 2020. Umeongezwa elfu sitini kwenye karatasi, ukapungukiwa elfu thelathini sokoni.

Wala usidanganyike ukisikia mfumuko umeshuka kutoka 4.3 hadi 3.1. Bei hazikushuka, zimepunguza mwendo tu. Na ukikuta fahirisi ya zamani yenye mwaka mwingine wa kizio, usiigawanye na hii ya sasa. Jibu litakuwa la uongo.

Jambo la mwisho. Hesabu hii ni ya kapu la taifa zima, ambamo chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28 hivi. Nyumba yako, yenye watoto watatu na kodi ya chumba, huenda nusu ya mshahara inaishia kwenye unga, mchele, mafuta na maharage. Basi andika matumizi yako ya mwezi mmoja, tafuta bei za vitu vilevile za wakati ule, ulinganishe. Chakula kikipanda kuliko vingine, hata 694,500 haitakutosha.

Ukienda kwa mwajiri, usiombe kuonewa huruma. Mwonyeshe hesabu, umwambie kwa adabu: 694,500 ni kunirudisha nilipokuwa. Kinachozidi hapo ndicho tutakachokiita nyongeza.