Mama wa Shunemu na Nabii Asiyejua

Jumatano

Soma 2 Wafalme 4:18–30. Je, Elisha alimweleza mama huyu kwa nini mtoto wake alikufa?

Mtoto alikwenda shambani kwa baba yake, penye wavunaji. Akalalamika kichwa, akabebwa hadi kwa mama yake, na adhuhuri akafa magotini pake. Mama akamlaza juu ya kitanda cha nabii, akafunga mlango, akapanda punda kwenda mlima Karmeli. Gehazi alipomwuliza kama mtoto hajambo, alijibu kwamba ni salama. Wazazi wengi waliofiwa hujibu hivyo hivyo mlangoni pa kanisa, wala si waongo. Hawajamwona bado mtu wa kumweleza.

Alipofika akaishika miguu ya Elisha. Gehazi akataka kumwondoa, lakini nabii akamzuia, akakiri kwamba Bwana amemficha jambo hilo (fungu la 27). Yeye ndiye aliyetabiri kuzaliwa kwa mtoto, lakini habari za kifo chake hakuzijua, na hakutunga sababu. Mama akasema maneno makali: hakuwa ameomba mwana, tena alisihi asidanganywe. Elisha hakumkemea. Aliinuka, akafuatana naye.

Kwenye matanga husikika kwamba Mungu amechuma ua lake, au kwamba mtoto amekuwa malaika. Maandiko hayasemi hivyo. Mtoto aliyekufa amelala (Yohana 11:11–14), na mauti huitwa adui (1 Wakorintho 15:26). Wala mzazi asiambiwe kwamba dhambi yake ndiyo iliyomwua mtoto. Habari za mtoto wa Daudi (2 Samweli 12) zilisemwa na nabii aliyetumwa; mgeni wa matangani hakutumwa.

Mtoto wa Shunemu alifufuliwa. Watoto waliozikwa na washiriki wa kanisa bado wako makaburini, na mwalimu wa darasa asipite hapo haraka, maana mzazi aliyefiwa hawezi kupita.

Soma Yeremia 31:15–17. Raheli anakataa kufarijiwa, na Mungu hamkaripii kwa kukataa. Ahadi kwamba watoto watarudi kutoka nchi ya adui ilihusu kwanza watu waliochukuliwa mateka. Mathayo alipoandika juu ya watoto waliouawa Bethlehemu (Mathayo 2:18), alinukuu kilio peke yake, akaishia hapo. Kwa wazazi wale, kurudi kwa watoto kunangoja ufufuo (1 Wathesalonike 4:13–16). Hata pale Paulo hakatazi kuhuzunika. Anakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini.

Jadilini: Je, katika darasa lenu yupo mzazi aliyefiwa na mtoto? Jina la mtoto huyo lilitajwa lini mara ya mwisho mbele yake?