Mwambie mzee bei kabla ya kuchimba

Hapa Kashaulili, fundi akiambiwa na mwenye nyumba aliyemzidi umri "ongeza na kibaraza hapo mbele", hujibu "sawa mzee", basi. Kutaja hela papo hapo huonekana utovu wa adabu. Mimi naona adabu hiyo inawaumiza wote wawili, na nyumba pia.

Chukua kazi ya kawaida ya fremu tatu za duka. Mwenye mali ananunua vifaa, fundi analipwa ufundi tu: shilingi 2,400,000 kwa siku 30, kuanzia mwanzoni mwa Oktoba ili bati liwe juu kabla ya mvua za Novemba. Kuta zikifika usawa wa lenta, mzee anapita na maombi mawili. Anataka baraza la mita 6 kwa mita 1.5 lenye nguzo. Anataka pia paa la kawaida waliloafikiana liwe la kuficha, kama alivyoona kwenye nyumba mpya za mjini.

Fundi akinyamaza, hasara ataifidia wapi? Saruji si yake, kwa hiyo hawezi kuokoa chochote huko. Anachoweza kupunguza ni siku. Zege linalotakiwa kumwagiliwa maji kwa siku 7 litamwagiliwa 2, kisha vijana wahamie kwenye kazi nyingine inayolipa. Baada ya miezi michache sakafu inatoa vumbi kila ikifagiwa, na lipu iliyopigwa harakaharaka ukiigonga inaitika kama kitu kitupu. Mzee atasema fundi huyu hajui kazi. Hatajua kwamba baraza lake lililipwa kwa maji ambayo hayakumwagwa.

Dawa yake ni ujumbe mfupi, na uende kabla jembe halijagusa ardhi. Kwanza fundi atenge kilicho kipya na kilichokuwa deni lake. Ukuta uliopinda kwa mkono wake anaunyoosha bure. Huo hauingii kwenye hesabu hii. Kisha ahesabu kwa nguvu kazi. Mafundi wawili kwa 25,000 na saidia fundi watatu kwa 12,000 ni shilingi 86,000 kwa siku. Baraza ni siku 4, yaani 344,000. Kuinua ukuta wa kuficha paa pamoja na mtaro wa maji ni siku 3, yaani 258,000.

Hapo wengi huishia, nami nadhani ndipo uaminifu unapopimwa. Paa la kuficha halipigwi fisha bodi, na kazi hiyo ilikuwa ndani ya bei ya mwanzo kwa 90,000. Lazima itolewe. Mteja akiona kilichopungua, anaamini na kilichoongezeka. Nyongeza halisi ni 512,000, na siku zinakuwa 37.

Siku hizo 7 ni nzito kuliko fedha, maana zinaisukuma kazi ya bati ndani ya Novemba. Kwa hiyo ujumbe umpe mzee nafasi ya kuchagua:

"Shikamoo mzee. Nimepokea maombi yako ya baraza na paa la kuficha. Hayakuwemo katika makubaliano yetu ya 2,400,000. Yote mawili yanaongeza 512,000 baada ya kutoa fisha bodi, na siku 7. Jamvi la baraza la sentimita 10 litahitaji saruji mifuko 6 hivi. Vifaa vya msingi, nguzo na paa nitakuorodheshea. Mvua iko karibu. Tunaweza kufanya paa sasa, baraza tukalijenga mvua zikiisha. Nasubiri neno lako. Kwa sasa naendelea na lenta kama tulivyokubaliana."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Fundi hajagoma wala hajatishia, ila hagusi kazi mpya bila jibu. Jibu likija kwa simu, aliandike na kulituma kwa mzee siku hiyohiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa simu kama kumbukumbu. Kwa aliyekwisha jenga bila kusema, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu kudai malipo ya kazi ambayo mwenzake ameifaidi na haikufanywa kwa hisani, ila ni juu yake kuthibitisha kwamba haikuwa hisani. Kwa neno "sawa mzee" peke yake, atathibitishaje? Hata kampuni kubwa za barabara zinazotumia mikataba ya FIDIC ya mwaka 1999 hupewa siku 28 tu kutoa taarifa ya dai. Zikichelewa, dai linaweza kupotea lote.

Mzee naye ana haki ya kukataa au kupunguza. Akichagua paa peke yake, fundi anatoa 90,000 kwenye 258,000, na kuandika tena: "Ahsante mzee. Paa la kuficha tu. Jumla ya ufundi sasa ni 2,568,000, siku 33. Baraza tutalipangia bei mwezi wa tano, mvua zikishakatika."