Kichwa Kitapita Wapi?

Mteja anayempelekea fundi picha ya gauni kwa kawaida humpelekea nusu ya gauni. Warembo wa mitandaoni husimama wakitazama kamera, mgongo hatuuoni. Fundi mpole husema "nimeelewa", mgongo akaubuni mwenyewe, na ugomvi ukangoja siku ya kuchukua nguo.

Siku hizi programu za akili mnemba huchora huo mgongo. Mpwa wangu alipakia picha ya gauni la kitenge alilolitaka kwa sendofu ya rafiki yake: shingo ya juu iliyokaba, kiuno kimebana, sketi imebana hadi magotini ndipo ikachanua. Akaandika, "Nionyeshe gauni hilihili kwa nyuma." Ikaja picha nzuri kweli. Maua yalitoka bega hadi bega bila kukatika, na hapakuwa na zipu wala kifungo.

Programu haijawahi kuuona mgongo huo. Inakisia tu kutokana na magauni mengine iliyofunzwa nayo, na aliyelishona la kwanza huenda aliweka kitu tofauti kabisa.

Fundi wetu, mama mtu mzima, aliitazama akacheka. "Mwanangu, kichwa kitapita wapi?"

Kitenge cha pamba hakivutiki. Shingo ya binti ni sentimita 34, kichwa chake 56. Kiuno ni 70, nyonga 98. Kwa hiyo lazima zipu ianzie shingoni na ishuke hadi kwenye nyonga, kama sentimita 20 chini ya kiuno. Ikiishia kiunoni, gauni halivaliki. Zipu nayo inataka mshono katikati ya mgongo, na mshono huo utayakata yale maua. Halafu magoti: bila mpasuo nyuma, kupanda daladala ni kuruka kama chura.

Sidhani fundi angeyasema yote hayo kwa picha ya mbele peke yake. Picha isiyo na shaka huwa ni amri, na mafundi wengi wa kwetu hunyamazia amri kwa adabu. Hii ya nyuma ilikuwa na kosa la wazi, akapata pa kuanzia.

Mpwa akairudia, safari hii akitaja mshono wa katikati, zipu ya kuficha na mpasuo. Mgongo ukakubalika, lakini mikono ikawa mifupi kuliko ya mbele. Kosa la namna hiyo hujulikana kwa kuziweka picha mbili sambamba: mbele na nyuma hukutana kwenye mshono wa ubavuni, na mkono ni uleule, hivyo urefu wa mikono, kimo cha kiuno na pindo havina budi kulingana. Fundi hakuifuata mikono ile, akachora yake kwa kalamu juu ya karatasi.

Kisha akadai yadi moja zaidi, maana maua makubwa hayaunganishwi mshononi bila kitambaa kupotea. Mpwa wangu akasema yadi moja ni nyingi, nusu inatosha. Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana.