Debe Moja, Makopo Mawili

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mambo ya Walawi 19:35, 36, Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Mithali 11:1, Amosi 8:4-6.

Katika Kumbukumbu la Torati, Musa anawakataza watu kuwa na mawe mawili ndani ya mfuko mmoja, kubwa na dogo. Zamani hizo mfanyabiashara alitembea na mawe yake ya kupimia. Aliyekuwa na nia mbaya alitoa jiwe zito wakati wa kununua na jiwe jepesi wakati wa kuuza. Angalia kwamba Musa hasubiri mpaka jiwe la uongo litumike. Kuwa nalo tu mfukoni kumekwisha katazwa. Kwa nini? Na mtu akiyatupa mawe hayo, atapata nini? Mfano ufuatao utusaidie kufikiri.

Mfano wa wanawake wawili

Palikuwa na wanawake wawili waliouza dagaa. Alfajiri walisubiri mitumbwi ufukweni Mbamba Bay, wakanunua dagaa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa juani, kisha wakapanda nao milimani mpaka sokoni Mbinga. Huko chini walinunua kwa debe, na huko juu waliuza kwa kopo.

Wa kwanza alikuwa na debe ambalo kitako chake kiligongwa kwa ndani hata kikabenuka kwenda nje. Debe la kawaida huchukua lita 20. Lake lilichukua 22. Kopo lake la kuuzia aliligonga kinyume, kitako kikaingia ndani, likapungukiwa sehemu moja katika kila sehemu kumi na moja. Alilipia madebe kumi, akaondoka na lita 220. Alipofika sokoni akatoa humo makopo 242. Jirani yake alilipia madebe kumi vilevile, akapata lita 200, akauza makopo 200 ya lita moja moja. Basi katika kila safari wa kwanza alimzidi mwenzake makopo 42. Makopo 20 kati ya hayo yalitoka kwa wavuvi, na 22 yalitoka kwa wanunuzi. Hakuna hata mmoja wao aliyejua, kwa kuwa kila mmoja alipunjwa kidogo.

Mwaka ukapita. Wa kwanza akaezeka nyumba yake kwa bati. Wa pili bado alikaa chini ya nyasi. Watu wa nyumbani mwake wakamwambia, "Mama, unaona mwenzako? Wote mnanunua kwa wavuvi walewale." Akajibu, "Naona, wanangu. Lakini debe langu likiachwa njiani, yeyote atakayeliokota atapimia vilevile kama mimi."

Ikatokea wote wawili wakashikwa na homa kali katika juma moja, na magunia yao yalikuwa yamekwisha kufika sokoni. Yule wa pili akamwita binti wa jirani, akampa kopo, akamwambia, "Nenda ukauze, mwanangu. Jaza mpaka ukingoni mbele ya macho yao." Binti akaenda, akauza, akarudi na fedha kamili. Lakini wa kwanza hakuwa na wa kumtuma. Angemwambia nini mtu huyo kuhusu kopo? Akimfundisha siri, amempa neno la kumshitaki nalo kesho. Akikaa kimya, mtu huyo ataona kitako mwenyewe. Akajikokota na homa yake mpaka sokoni, akaketi juani, akilinda kopo lake.

Mwenye masikio na asikie.

Thawabu ni ipi?

Wengi tungependa mfano huu umalizike kwa njia nyingine: bati la mwongo ling'olewe na upepo, na mkweli ajengewe nyumba. Lakini tusome tena Mithali 11:1. Fungu hilo halisemi kwamba mwenye mizani ya hila atafilisika kesho. Linasema jinsi Mungu anavyoiona mizani hiyo: inamchukiza, na jiwe lililo kamili humpendeza. Sababu ya kupima kwa haki imetangulia thawabu. Mtu apimaye vizuri kwa kuwa inalipa, siku isipolipa atatafuta nyundo ya kugongea kopo.

Hata hivyo thawabu ipo, na katika mfano wetu imeonekana. Kipimo cha kweli hufanya kazi katika mkono wa mtu yeyote, hata wa mtoto. Kipimo cha uongo hufanya kazi katika mkono wa mwenyewe tu, na kwa hiyo humfunga. Hawezi kuugua, hawezi kusafiri, hawezi kumwachia mwingine kazi. Makopo yale 42 hayakuja bure. Aliyalipia kwa kutoweza kuondoka.

Sasa tazama Amosi 8:5. Nabii anawaonyesha wafanyabiashara wanaouliza Sabato itakwisha lini, wapate kufungua ghala, na hapo hapo anataja kwamba wanapunguza kipimo na kuongeza uzito wa shekeli. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Watu hawa wameifunga milango yao siku ya Sabato, lakini hawajapumzika. Mwenye kopo la hila aweza kuketi kanisani tangu asubuhi hadi jioni, na moyo wake ukawa sokoni, ukilinda. Yule ambaye kipimo chake hakihitaji mlinzi, huyo ndiye anayeweza kuacha kazi yake kweli jua linapotua siku ya Ijumaa.

Kilo moja ya nani?

Huenda msomaji akasema, "Mimi siuzi dagaa, mimi nalima kahawa." Basi twende kwenye mizani ya kahawa. Mizani ya kuning'iniza ina springi na mshale. Kabla ya kutundika mzigo, mshale lazima usimame kwenye sifuri. Tuseme umesimama kilo moja nyuma ya sifuri, na mpimaji anajua lakini ananyamaza. Kila kipimo kitapungua kilo moja. Mwenye kupima anajifariji: "Kilo moja ni kitu gani katika gunia?"

Jibu linategemea gunia ni la nani. Mkulima mwenye magunia ya kilo 60 amepoteza sehemu moja ya sitini katika kila gunia. Ni hasara, lakini hataisikia sana. Nyuma yake kwenye foleni amesimama mjane aliyeleta kilo 10, mavuno yote ya miche iliyozunguka nyumba yake. Mizani inamwandikia 9. Amepoteza sehemu ya kumi ya jasho lake. Kwa lugha yetu, mizani imemtoza zaka, nayo haikupelekwa kwa Bwana. Kosa ni lilelile moja la mshale, lakini linamla maskini mara sita kuliko mwenye nacho. Ndiyo maana Amosi 8:4 inaanza na wanaowakanyaga wahitaji, ndipo ifike kwenye vipimo.

Kosa hili hugunduliwa kwa urahisi. Kwanza, tazama mshale kabla ya kutundika chochote. Pili, tundika kitu ambacho uzito wake unajulikana. Lita 20 za maji safi ni kilo 20. Ongeza uzito wa ndoo yenyewe. Tatu, jaribu kwa mzigo mdogo na kwa mzigo mkubwa, kwa sababu springi iliyochoka huweza kusoma sawa penye kilo 5 na ikakosea penye kilo 50. Serikali nayo ina Wakala wa Vipimo, ambao kwa Sheria ya Vipimo hukagua mizani na kuigonga mhuri. Wanashule ya Sabato walio viongozi wa vyama vya ushirika wasingoje kuulizwa. Wafanye jaribio hilo mbele ya foleni kila asubuhi.

Lakini haki haiko upande mmoja. Mkulima naye ana kopo lake. Kahawa ya maganda iliyokauka vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 11 hivi. Akiileta na asilimia 15, kilo 60 zitasomeka karibu kilo 63. Hizo kilo karibu tatu ni maji, naye anayauza kwa bei ya kahawa. Tena maji hayo hayakai kimya: huleta ukungu ghalani, na ukungu huharibu ladha ya kahawa ya majirani waliokausha vizuri. Aliyedhani amemwibia mnunuzi amewaibia wa kanisani mwake.

Mkono pia ni kipimo

Neno la mwisho ni la ndani zaidi. Mhuri wa serikali huweza kugongwa kwenye mizani na kwenye kopo. Haugongwi kwenye mkono. Mtu aweza kuwa na debe moja tu, halali kabisa, na bado akawa na vipimo viwili. Akinunua, hulitikisa, hushindilia, huacha kilima juu. Akiuza, humwaga polepole dagaa wasimame ovyo, hupitisha kiganja haraka na kukata ukingo. Debe ni moja, mkono ni miwili.

Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini Musa alizungumzia mfuko, si soko. Jiwe la pili hukaa mahali ambapo mkaguzi hafiki. Njia ya kulitoa ni nyepesi kusema na ngumu kutenda: jaza unapouza kama unavyojaza unaponunua, na ufanye hivyo mbele ya macho ya mwenzako. Ikiwa hungependa akuone ukijaza, jiwe la pili bado limo mfukoni.

Maswali ya kujadili

1. Kumbukumbu la Torati 25:15 inaunganisha vipimo vya haki na kukaa siku nyingi katika nchi. Jamii ambayo hakuna anayeamini debe la mwenzake hupoteza nini, hata kama kila mmoja anapata faida?

2. Tuseme mshale wa mizani ulikuwa nyuma ya sifuri msimu mzima bila mpimaji kujua, naye sasa amegundua. Daftari lina majina ya wote waliopima. Je, ana deni? Aanze na nani? Linganisha na Luka 19:8.

3. Fundi, mwalimu, kibarua wa siku: kila mmoja hupima kitu. Katika kazi yako, kopo ni lipi, na kitako chake kimeelekea wapi?