Mahujaji Wanarudi: Wapokeeni, Kisha Waacheni Walale

Wanangu wa Mwembetanga.

Mahujaji wetu saba, wanaume wanne na wanawake watatu, wanatarajiwa kushuka Kisauni usiku wa kuamkia Jumatano, Mungu akipenda. Dua ya kuwapokea itasomwa Jumapili baada ya swala ya Laasiri, uani kwa madrasa, na kina mama watakaa ukumbini. Hilo ndilo tangazo, na mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Imamu ameniomba niseme na nyinyi vijana kwa sababu nyinyi ndio mnaokodi magari, ndio mnaobeba mabegi, na ndio mnaoingia nyumbani kwa hujaji kabla hajavua viatu.

Nimeshaulizwa mara nyingi wiki hii: kwa nini tungoje hadi Jumapili, ilhali watu wanafika Jumatano? Jibu liko katika safari yenyewe. Ibada za hija huanza tarehe 8 Mfunguo Tatu na huishia tarehe 12 au 13. Ndani ya siku hizo hujaji hulala katika mahema ya Mina, husimama Arafa mchana kutwa, hulala Muzdalifa juu ya mkeka chini ya mbingu, kisha huanza kwenda na kurudi kurusha mawe. Halafu kuna tawafu na sai, na sai peke yake, baina ya Safa na Marwa mara saba, ni kama kilomita tatu. Mwaka 2024 joto lilipimwa nyuzi 51.8 kwenye Msikiti wa Makka, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo 1,301, wengi wao watu waliokwenda bila kibali na wakatembea mwendo mrefu juani bila hema la kujikinga. Mahujaji wetu walikuwa na kibali na walikuwa na hema, alhamdulillahi, lakini watano kati yao wamepita miaka sitini. Na baada ya yote hayo kuna saa nyingi za kukaa uwanja wa ndege wa Jidda kabla ya kupanda ndege.

Zamani hujaji wa Unguja alikwenda kwa chombo au kwa meli, na alirudi hivyo hivyo. Siku za bahari zilimpa nafasi ya kulala, ya kukohoa akamaliza, ya kupona miguu. Alipoteremka bandarini Malindi alikuwa mtu aliyekwisha pumzika, na mji mzima ulipomlaki haukumdhuru. Siku hizi aliyekuwa Jidda jana yuko kwake leo. Desturi ya kumlaki tumeirithi kama ilivyokuwa, ila zile siku za bahari hatunazo tena. Ndiyo maana tumeziweka sisi wenyewe, kuanzia Jumatano hadi Jumapili.

Kuna na jambo la kikohozi. Mahujaji wengi hurudi nacho, kwa sababu ya msongamano wa mahema, vumbi, na kutoka kwenye joto kali kuingia kwenye kiyoyozi. Mara nyingi ni mafua tu na hupita. Lakini msilichukulie jepesi. Mwaka 2000 homa ya uti wa mgongo ilizuka kwa mahujaji, na ikawapata hata jamaa zao waliobaki nyumbani, huko Ulaya na kwingineko, watu ambao hawakukanyaga Makka. Tangu mwaka 2002 Saudia inataka kila hujaji awe na chanjo ya aina nne za ugonjwa huo, na wetu wote wamechanjwa. Hata hivyo, yeyote kati yao akipata homa pamoja na kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, au homa na pumzi kubana ndani ya wiki mbili tangu kurudi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mwenye kumpeleka amwambie daktari mara moja kwamba mgonjwa katoka hija. Daktari asiyejua ataandika malaria. Mwenye sukari naye akaguliwe nyayo na mjukuu wake kila jioni kwa wiki nzima, kwani anaweza kuwa na jeraha asilolihisi.

Basi Kisauni waende wangapi? Kila hujaji gari moja na watu wawili wa nyumbani kwake, basi. Msafara wa honi na vespa usiku wa manane hautakiwi. Mwaka jana walikwenda vijana chungu nzima, kila mmoja anataka apigwe picha na hujaji, na mama wa watu amesimama kwenye kiti cha magurudumu nusu kwa nusu, hajui akae au anyanyuke. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliporudi safari alianza msikitini akasali rakaa mbili ndipo akakaa na watu. Msikiti wetu utakuwa wazi usiku huo kwa anayependa kufuata sunna hiyo. Mtamngojea nje, mtamfikisha mlangoni kwake, mtaingiza mabegi, mtaaga. Chai mtakunywa kwenu.

Jumatano na Alhamisi ni za watu wa ndani. Ijumaa na Jumamosi jamaa na majirani wa karibu wanaweza kupita baina ya Laasiri na Magharibi, robo saa inatosha. Piga hodi mara tatu, usipojibiwa rudi. Mwenye mafua asiende, wala mtoto mchanga asipelekwe kubusiwa. Kukumbatiana baada ya safari ni jambo walilolifanya masahaba, sikatazi, lakini ukimwona anakohoa mpe mkono tu. Mwambie: Mungu aikubali hija yako, akusamehe dhambi zako, na umwombe akuombee maghufira. Wazee wetu walilipenda sana hilo la mwisho, kuliwahi kabla hujaji hajarudi katika shughuli za dunia. Usimuulize ametumia shilingi ngapi. Usimwonyeshe kwenye simu video ya watu waliozimia Arafa ukamuuliza kama aliwaona, huenda aliwaona.

Sasa zawadi, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi.

Neno "umeniletea nini?" silitaki kulisikia katika mtaa huu. Hija imemlazimu mwenye uwezo, na uwezo huo ni nauli, chakula chake na cha aliowaacha nyumbani. Misala ya jirani haimo. Tasbihi wala kofia hazimo. Namjua hujaji mmoja aliyekopa riali kwa mwenzake wa hema ili anunue mikeka ya kusalia kwa watu wa mtaani, akarudi na deni la kulipa kwa miezi. Na mikeka yenyewe ilikuwa na chapa ya China, ile ile inayouzwa Darajani. Kama umeletewa, shukuru na ipokee, hata ikiwa ni mswaki mmoja. Kama hukuletewa, hukunyimwa kitu.

Zamzam tuizungumze peke yake, maana ndiyo inayogombaniwa. Kwa kawaida hujaji hupata kopo moja la lita tano, lililofungwa ndani ya katoni na kupakiwa peke yake. Haliruhusiwi kufichwa ndani ya begi la nguo. Likikutwa kwenye mashine, begi hufunguliwa na maji yakatolewa. Kwa hiyo msimlaumu mtu kwa kutoleta makopo matatu. Ni lita tano, na hizo ndizo za kupangia.

Mwaka jana bibi mmoja wa hapa alifika na kopo lake, na jioni ile ile walikuja wageni wapatao arobaini. Mjukuu wake, kijana mkarimu, akawamiminia kwa bilauri ya chai. Bilauri ile inachukua kama robo lita, kwa hiyo kopo likaisha kwa watu ishirini. Wageni ishirini wengine wakaondoka wamenuna, na dada yake bibi, aliye kitandani kwa kiharusi, aliyekuwa ameahidiwa maji hayo tangu hujaji hajaondoka, hakupata hata tone. Bibi alilia, na hakumlaumu mjukuu.

Ingekuwa hivi. Siku ya kwanza, kabla ya mgeni yeyote, toa lita moja uifunge katika chupa safi, uandike majina ya wagonjwa na wazee ambao hawawezi kuja, uiweke mbali. Toa lita nyingine kwa ajili ya hujaji mwenyewe na watu wa nyumba. Zimebaki lita tatu. Kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, kikitiwa mililita hamsini, lita tatu zinawatosha watu sitini. Mgeni ananuia, anakunywa, anaomba dua yake. Hakuna aliyenuna, na hakuna anayeondoka na chupa mfukoni. Ukitaka ienee zaidi unaweza kuichanganya na maji ya kawaida, hakuna ubaya, lakini mwambie mnywaji kwamba umechanganya. Na msikimbilie kununua dukani chupa zilizoandikwa Zamzam ili kuziba pengo: Saudia hairuhusu maji hayo yasafirishwe kwa biashara, na hujui yaliyomo yametoka kisima gani.

Tende nazo zigawanywe hivyo hivyo, moja moja katika sahani, na za Ajwa ziachiwe wenye nyumba kwani ni ghali.

Mgeni naye aende na nini? Si lazima aende na kitu. Lakini nyumba iliyokuwa bila mama kwa zaidi ya mwezi huwa haina unga wala mafuta, kwa hiyo chungu cha mchuzi, mikate michache ya kumimina au kilo ya sukari vina maana zaidi kuliko ua la plastiki lililoandikwa "Karibu Haji". Binti anayejitolea kufua nguo za safari amefanya zaidi ya hao wote.

Jumapili kutakuwa na dua, maneno mafupi ya mahujaji wawili, kahawa na haluwa. Hakutakuwa na biriani. Kupika chakula kwa furaha ya msafiri ni sunna, na mwenye uwezo akichinja kwake Mungu amlipe, lakini shughuli ya msikiti haitamtwisha hujaji gharama. Hotuba ya kila hujaji kueleza safari yake nayo tumeiondoa; mwaka jana Magharibi ilitukuta bado tuko Mina.

Kuna nyumba moja mtaani iliyosindikiza hujaji mwaka juzi na haikumpokea, amezikwa Makka. Mkitoka kwenye dua, kabla hamjatawanyika, wanaume wachache wapite pale kutoa salamu, na kina mama vilevile. Msiende na honi kupita mlango ule usiku wa kuamkia Jumatano. Pitieni njia ya nyuma ya madrasa.

Anayetaka kuchangia haluwa au sukari amwone katibu wa msikiti kabla ya swala ya Ijumaa. Vikombe vya kahawa tulivyonavyo havitoshi, kwa hiyo kila nyumba ilete sita, viwe vimeandikwa jina kwa chini.